Blanketi la Mama Yake Greta

Noelene alikuwa akifuma mablanketi ya sufi nyumbani kwake katika mji wa Launceston. Greta, mteja wake wa Ujerumani, alilipa dola mia nne kwa blanketi la mama yake mgonjwa, aliyekuwa akitetemeka kwa baridi hata kitandani.

Kwenye ankara ya kifurushi, Noelene aliandika: zawadi, dola thelathini.

"We Noelene, zawadi gani hiyo imelipiwa?" dada yake Coral aliuliza. "Andika bei aliyolipa."

"Acha roho mbaya, dada. Namwokolea ushuru, ana mgonjwa."

"Haya. Utawaeleza forodha."

Forodha ya Ujerumani ilikizuia kifurushi, ikamtaka Greta atoe uthibitisho wa malipo. Haukulingana na ankara. Noelene alituma ankara nyingine yenye bei halisi, ikisema blanketi limeuzwa, lakini uchunguzi ulikuwa umeshaanza.

Mwishowe Greta alilipa kodi na faini, akalichukua, akampigia Noelene.

"Mama tumemzika Jumanne," alisema taratibu. "Ungeniuliza tu. Ushuru ningelipa."

Noelene alimwomba radhi, akaiweka simu chini. Coral alikaa kando yake, wala hakumsema.