Sentensi Moja ya Cheongju

Mwalimu Pyo aliirudisha insha yangu akiwa ameishika kwa vidole viwili, kama soksi chafu.

"Umeandika tena," alisema.

"Nimeandika nini, Mwalimu?"

"Cheongju."

Darasa likacheka. Nami ndiye niliyekuwa mkubwa kuliko wote mle ndani, miaka ishirini, nafanya mtihani wa kuingia chuo kwa mara ya tatu. Wenzangu niliomaliza nao shule wako chuoni mwaka wa pili, wananitumia picha za kahawa. Mtihani wa insha ulikuwa Jumamosi, Seoul. Siku hiyo ilikuwa Alhamisi. Baba alishasema hakuna mwaka wa nne. Nikikosa, naingia kwenye ghala la shangazi kupanga maboksi, na mambo ya historia niyasahau.

"Tak Yeon," Mwalimu Pyo aliniita kwa jina kamili, maana yake subira imemwisha. "Soma swali kwa sauti."

Nikasoma. "Eleza jinsi mashine ya uchapaji ilivyobadilisha uwezo wa kusoma, dini na siasa."

"Limeuliza nani alianza?"

"Hapana."

"Karatasi ya majibu ina visanduku mia nane, kila kisanduku silabi moja, na nafasi kati ya maneno nayo inahesabiwa. Mia tatu umevimaliza kwa kusema sisi Wakorea tulichapa kwa herufi za metali miaka sabini na minane kabla ya Wajerumani. Msahihishaji wa Seoul anajua. Mwanawe anajua. Kila mwaka watoto wa mji huu mnatumbukia shimo hilohilo, na mnatumbukia huku mnashangilia."

Hasira ilinipanda mpaka masikio yakawaka. Kwetu Cheongju jambo hilo liko kwenye vibao vya barabara, kwenye vituo vya basi, mpaka kwenye mifuniko ya mitaro. Kitabu kilichapwa hapa, kwenye hekalu, mwaka 1377. Halafu mimi babu yangu mzaa baba ndiye anayemimina herufi hizo za shaba kwa mikono yake, mbele ya wageni, mwaka wa thelathini huu. Niandike juu ya uchapaji bila kumtaja? Si bora nijikane mwenyewe.

Nilitoka darasani moja kwa moja mpaka karakana yake. Sikukaa. Nilizunguka meza yake kama kuku anayetafuta pa kutagia.

"Kaa basi, unanitia kizunguzungu," Babu alisema. Alikuwa anachonga herufi kwenye nta ya nyuki, miwani imeshuka puani.

"Babu, Mwalimu anasema nikutoe kwenye insha."

"Kwani nimo?"

"Umo siku zote."

Akacheka. Nikamsomea swali, kisha nikamuuliza kile ambacho sikuwahi kumuuliza tangu nizaliwe: herufi zetu zilimbadilisha nani?

Alichukua kijiti cha nta chenye herufi zimebandikwa kama matunda tawini. "Nikishazungushia udongo, nikachoma, nta ikatoka, nikamwaga shaba, udongo huu nauvunja. Kalibu moja, mmimino mmoja. Halafu nazipanga herufi kwenye trei, napaka wino, nalaza karatasi, nasugua juu kwa mkono. Mashine ya kukandamiza hatukuwa nayo. Unadhani kwa siku natoa karatasi ngapi?"

"Chache."

"Na maandishi yenyewe ni ya Kichina. Nani aliyasoma?"

"Watawa. Baadaye maofisa wa mfalme."

"Mama yangu mimi hakujua kusoma," Babu alisema. "Alizaliwa mtaa wa nyuma ya palipokuwa na hekalu la kitabu hicho."

Nilitaka abishe. Nilitaka anipe hoja ya kumrudishia Mwalimu Pyo usoni. Badala yake aliinamia nta yake, na mimi nikaumia, nikaondoka bila kuaga vizuri.

Jumamosi, kwenye geti la chuo kule Seoul, akina mama walikuwa wameshika rozari na peremende za mchele zinazonata, ili mtoto anate chuoni. Babu alikuwa amenitilia moja mfukoni. Niliitafuna haraka mno, ikanishika meno.

Nikafungua karatasi. Vifungu viwili vya kusoma na swali lilelile kwa nguo nyingine. Moyo ulinienda mbio kwa furaha, na mkono, mshenzi mkubwa, ukaanza wenyewe: "Mwaka 1377, katika mji wa Cheongju..." Mistari minne ilikuwa imejaa nilipouona mkono wangu unafanya nini. Kalamu ya wino. Hakuna kufuta, ni kupiga mistari miwili tu. Dakika kumi na mbili zimekwenda.

Nilimwona Babu na miwani yake. Machozi yalinilenga, sitaficha. Kisha nikapiga mistari miwili juu ya Cheongju, mstari baada ya mstari, nikaanza upya chini yake.

Niliandika kwamba huko Ujerumani, katikati ya karne ya kumi na tano, kalibu moja ilimimina herufi nyingi zinazofanana, wino wa mafuta ukashika metali, na mashine ikakandamiza kurasa kwa mamia. Vitabu vikawa rahisi kupatikana, na wachapaji, kwa kuwa walitafuta wanunuzi, wakachapa kwa lugha za watu. Wengi bado hawakujua kusoma, ila aliyejua aliwasomea wengine kwa sauti, na wasomaji wakaongezeka polepole, kizazi baada ya kizazi.

Kwenye dini niliandika kwamba mashine haikuwa na upande. Ilichapa vyeti vya Kanisa vya msamaha wa adhabu za dhambi, kisha ikachapa maneno ya Luther ya kuvipinga. Malalamiko kama yake yalikuwepo zamani. Tofauti ni kwamba haya yalifika miji mingi ndani ya wiki chache, na Biblia ikamkuta mtu nyumbani kwa lugha yake. Kwenye siasa niliandika kwamba wakulima walioasi mwaka 1525 walichapa madai yao yakasambaa, na watawala nao wakachapa amri, kisha wakaweka vibali na orodha za vitabu vilivyokatazwa. Mtu hapigi marufuku asichokiogopa.

Vikabaki visanduku vichache. Niliandika sentensi moja ya mwisho, nikaweka kalamu kengele ikilia.

Matokeo yalitoka wiki tatu baadaye, saa nne asubuhi. Niliyafungua karakanani kwa sababu nyumbani wote walikuwa wananiangalia. Babu alikuwa anapiga tupa herufi.

"Nimepita," nilisema. Nikakaa chini sakafuni, kwenye vumbi la shaba.

Babu aliweka tupa chini. Alipangusa uso kwa kiganja, akapangusa tena. "Sasa niambie. Nilikuwemo?"

Niliogopa swali hilo kuliko mtihani wenyewe. "Mistari minne nilikukata. Mwishoni ukapata sentensi moja."

"Isome."

Nilikuwa naikumbuka yote. "'Korea ilikuwa na herufi za metali kabla ya Ulaya, lakini zilibaki mikononi mwa hekalu na mfalme, kwa hiyo kilichobadilisha watu si herufi peke yake, bali ni nani aliyeruhusiwa kuzishika.'"

Nikaanza kuomba radhi.

"Nyamaza wewe. Ni kweli."

Mlangoni lilikuwa limeshaingia kundi la wanafunzi wa shule ya msingi na mwalimu wao. Babu alisimama mbele yao kama kawaida, akaanza maneno ninayoyajua tangu utotoni, kwamba sisi tulitangulia kwa miaka sabini na minane. Hapo huwa anapigiwa makofi. Safari hii aliinua mkono kuyazuia, akachukua trei ya herufi za Kikorea na kuiweka mikononi mwa msichana wa mstari wa mbele.

"Zamani," alimwambia, "usingeruhusiwa kuishika hii. Haya, nisomee."