Salamu za Sekunde Thelathini

Fundi cherehani alikuwa na kichwa kilichomgonga toka ndani, na siri aliyoifunga kibindoni. Dada yake mkubwa alianza hivyo hivyo, kichwa na kizunguzungu, na mwaka haukuisha wakamzika. Fundi hakumwambia mtu. Mficha maradhi kifo humuumbua, alilijua hilo kuliko wengi, lakini kujua ni kitu kimoja na kuthubutu ni kingine.

Aliyemburuta kwa daktari ni binti wa marehemu dada yake, karani mwenye macho makali, aliyemwona siku moja ameshikilia meza ya kukatia vitambaa ili asianguke. Daktari akataka aandike kila siku: kichwa kimeumaje, amelalaje, siku imekuwaje. Arudi baada ya wiki mbili.

Alijitahidi siku tatu. Vidole vilivyoshinda na sindano vilikuwa vimekakamaa, na herufi za kwenye simu ni ndogo kama chawa. Siku ya nne aliandika "kinauma" akazima simu, akasema kuandika nako kunamuumiza kichwa.

"Basi usiandike, mama mdogo," karani alimwambia. "Sema. Sekunde thelathini tu, kila jioni kabla hujafunga kazi. Tarehe na saa simu inajiwekea yenyewe."

Akamwekea programu ya kurekodi, ambayo ikifika thelathini inakata bila kuuliza. Lakini huyu alikuwa mtu wa adabu zake. Tangu lini mtu akaanza kumweleza daktari maumivu kabla ya kumjulia hali? Jioni ya kwanza aliuliza habari za kazi, za nyumbani, za watoto, za wagonjwa wengine, akapumua, akasema, "Sasa daktari, kichwa changu..." Simu ikakata. Siku tano nzima daktari alisalimiwa kikamilifu na hakuambiwa kitu. Karani aliposikiliza alicheka hadi akajifuta machozi, kisha akapiga marufuku salamu.

Baada ya hapo kazi ikaenda. Leo kizima, nimelala vizuri. Leo kibaya, nimetapika, seremala wa jirani ameshinda na msumeno wake, kelele zitaniua. Leo msumeno kimya, kichwa nacho kimya. Karani aliona mambo yamejieleza: ni kelele. Fundi aliitikia, ila usiku alikuwa akimwota dada yake.

Siku ya kurudi kwa daktari alikaa kwenye ncha ya kiti, karani pembeni yake. Daktari, kijana wa kutosha kumpa shikamoo, alisema siku kumi za sekunde thelathini ni dakika tano, atazisikiliza zote. Akasikiliza, salamu na yote. Zilipoisha alirudia tatu za siku mbaya, simu kaiweka sikioni.

"Mama, seremala si jirani yako wa ukuta kwa ukuta?"

"Ndiye."

"Mbona msumeno unasikika kwa mbali hivi?"

Fundi alieleza kuwa akianza kupasua mbao, vumbi linaingia kwenye nguo za watu. Siku hizo anafunga mlango na dirisha, na kuziba matundu kwa vitambaa.

"Na humo ndani unafanya nini?"

"Nashona, napiga pasi." Akaona anaangaliwa. "Ya mkaa. Umeme wenyewe unakuja ukipenda."

Daktari aliiweka simu mezani polepole. Alimweleza kwamba mkaa ukiwaka kwenye chumba kilichofungwa unatoa hewa isiyo na rangi wala harufu, inaingia kwenye damu, inaumiza kichwa, inatapisha, na mwisho inaua. Kikulacho ki nguoni mwako, karani alinong'ona.

Fundi hakucheka. "Kwa hiyo si ugonjwa ule wa dada yangu?"

Ndipo karani alipoelewa siri ya muda wote huo, akamshika mkono, akamweleza daktari jinsi mama yake alivyougua hadi kufa. Daktari alimpima fundi tena macho, shinikizo la damu na mwendo, akasema haoni dalili zake. Ila hatabahatisha. Pasi apigie nje, na arekodi wiki mbili nyingine. Kikiuma tena, kichwa kitapigwa picha.

Fundi alitoka pale akiwa mwepesi, akalia njiani bila aibu.

Jiko la kuwashia mkaa na pasi vikahamia barazani. Seremala alipasua mbao siku saba kati ya kumi na nne, na vumbi lilipotua kwenye nguo lilikung'utwa. Jioni ya mwisho fundi alibonyeza kitufe.

"Daktari, kichwa kizima, kama jana na juzi. Nimelala. Sijamwota mtu." Akatazama simu. Sekunde ishirini zilikuwa zimebaki, na hakuwa na kingine cha kuripoti. Akavuta kiti, akakaa vizuri.

"Haya, sasa hujambo, mwanangu? Habari za kazi? Za nyumbani? Watoto wanaendeleaje, na mama yao..."

Simu ikakata, naye akaendelea kumsalimia.