Tatu Ni Tatu

Mtaa wa mafundi ulikuwa na udongo wa aina mbili, na waliochora barabara waliujua mmoja tu. Walichukua sampuli upande wa juu, kwenye udongo mwekundu, wakapata nguvu ya asilimia kumi, wakapanga unene wa barabara nzima kwa hesabu hiyo. Upande wa chini, kwenye udongo mweusi unaonata masika na kupasuka kiangazi, hawakugusa.

Aliyeugusa ni mkuu wa maabara ya mradi, mwanamke asiyependa kubembelezwa. Aliushindilia udongo ule ndani ya makopo ya chuma, akaweka vyuma vizito juu yake, akauzamisha majini siku nne. Kisha akaweka kopo kwenye mashine, nondo nene ikazama polepole, naye akasoma nguvu iliyohitajika kuizamisha, akailinganisha na ile ambayo kokoto iliyosagwa ingehitaji. Kipimo hicho huitwa CBR. Kokoto ni mia. Udongo ule ulitoa tatu.

Maana yake ilikuwa wazi. Udongo ukiwa dhaifu, tabaka zilizo juu yake lazima ziwe nene zaidi, ili uzito wa lori usambae kabla haujaufikia. Hapo palihitajika karibu sentimita arobaini za kifusi cha ziada, na barabara ingepanda juu ya vizingiti vya maduka, maji ya mvua yaingie ndani.

Duka la kwanza kutoka chini lilikuwa la dada yake, fundi cherehani aliyemlea tangu mama yao alipofariki. Habari zikamfikia kabla ya chakula cha mchana. Alasiri, cherehani yake ilikuwa katikati ya njia, mbele ya greda, naye ameketi nyuma yake anapinda suruali ya mtu. Seremala na muuza vioo wakamfuata na viti vyao.

Mkuu wa mradi, ambaye vijana walimwita Chapuchapu, hakukasirika hata kidogo. Alimwita mwanamke wa maabara ofisini, akamwonyesha dirishani. Alisema hata ndugu wa damu hawautaki huo unene. Basi apime tena udongo ule ukiwa mkavu, bila kuuloweka.

Mwanamke alikuwa ameshaupima mkavu. Ulitoa kumi na nne.

"Basi tumemaliza," mkuu akasema. "Andika kumi. Barabara inabaki chini, dada yako anabaki na duka, na sisi tunamaliza kabla ya mvua."

"Mvua itakuja hata tukimaliza, bosi. Ikija, ule udongo utakuwa tatu. Tatu ni tatu."

Akamkumbusha pendekezo lake: kama barabara haiwezi kupanda, wachimbe chini, watoe udongo mweusi kwa kina kilekile, wajaze kifusi cha mlimani ambacho kimeloweshwa na bado kikatoa ishirini. Mkuu akasema hana malori ya kuchezea. Akamsogezea kalamu. Yeye akaiacha mezani, akatoka.

Alitembea hadi kwa dada yake, akachuchumaa kando ya cherehani. Aliogopa, maana dada yake alikuwa na haki ya kupata alichokitaka, na alichokitaka kilihitaji sahihi yake moja tu. Akamweleza yote, pamoja na ile kumi ya uongo.

"Kwa hiyo nikiondoka hapa, napata barabara ya chini," dada akasema.

"Unaipata. Masika ya kwanza malori yatachimba mifereji, maji yatatuama, na kwako yataingia vilevile."

Dada akakata uzi kwa meno. Alimwambia mdogo wake kwamba tangu utotoni ana kichwa kigumu kama jiwe la kusagia, na kwamba kuchimba mbele ya duka kutamfukuzia wateja mwezi mzima. Kisha akapaza sauti, greda nayo isikie.

"Mwambieni Chapuchapu nilikuwa nazuia barabara isipande. Sasa nazuia isijengwe kwa uongo. Achimbe, au nitashonea hapa mpaka nizeeke."

Mkuu alisubiri wachoke. Akaleta askari, nao wakakuta watu walioketi na kazi zao mikononi, wakaondoka bila kumkamata yeyote. Mvua zilikuwa zinakaribia, na bila sahihi ya maabara hakuna tabaka ambayo ingelipiwa. Hatimaye akaita malori.

Udongo mweusi ulipoanza kutoka, mwanamke wa maabara alipewa barua ya uhamisho. Aliisoma, akaikunja, akarudi shimoni. Aliwaambia wazi kwamba ataondoka kifusi kikishashindiliwa na kupimwa, si siku moja kabla.

Wateja walipita juu ya ubao kuingia dukani, wengine wakageuza njia. Dada alilalamika kila asubuhi, kwa sauti, na kila asubuhi mdogo wake alipita juu ya ubao huohuo kumwamkia kabla ya kushuka kazini.