Jibu Lililokatwa na Adhana

Kondikteri ya Alhamisi ile niliiandika mimi, na swali la nne lilikuwa langu. Kondikteri ni karatasi ya ratiba ya matangazo: nani anaingia, anasema nini, maiki ya nani inafunguliwa wakati gani. Chaneli yetu iko kwenye chumba kimoja juu ya duka la vitambaa, hapa mtaa wa Asiatique, na bila karatasi hiyo Ilias hawezi hata kusalimia watu. Ilias ndiye mwenye chaneli na ndiye mtangazaji. Ana sauti nzuri, na hana kitu kingine.

Kila Alhamisi baada ya Magharibi, Sheikh Sulemani anakuja kujibu maswali ya watu mubashara. Maswali yanaingia kwenye WhatsApp, nami nayapanga. Naanza na jepesi, la udhu au la saumu, ili Sheikh apate kukaa sawa. Mawili yanayofanana siyafuatanishi. Zito linakaa kabla ya adhana ya Isha, kwa amri ya Ilias, ili watu wasikimbie na simu zao wakati wa mapumziko. Baada ya adhana linakuja tangazo la mdhamini, halafu maswali mepesi mawili, halafu dua. Wakati wote huo mimi nakaa pembeni, naandika dakika ambazo maneno ya Sheikh yana nguvu, ili baadaye nizikate ziwe klipu.

Swali langu lilikuwa hili. Mume wangu wa kwanza alikwenda Msumbiji kutafuta maisha, na tangu hapo si simu, si salamu, si mtu aliyemwona. Miaka ikapita. Masheikh wa mtaa wakamtafuta, wakatangaza, wakangoja muda waliouweka, mwisho wakanifungua, nikakaa eda nikaimaliza. Sasa Shakuru, fundi magari wa Buyenzi, anataka kunioa. Je, naruhusiwa?

Jibu nilikuwa nalijua. Aliyekuwa halijui ni mama yake Shakuru. Yeye masheikh wa mtaa hawaamini, anasema wamekula naye pilau mno. Anamwamini Sheikh Sulemani wa kwenye simu tu. Shakuru aliniambia: Sheikh akisema ndiyo, mama atapiga vigelegele yeye mwenyewe. Basi nikaliweka swali bila jina, na Shakuru akamkalisha mama yake mbele ya simu.

Ilias akaipitia kondikteri mchana. Kwake swali likizidi mistari miwili ni hotuba. Akalifupisha: mume amepotea miaka mingi, mke anachumbiwa, hukumu yake ni nini? Masheikh akawafuta, eda akaifuta. Nilikuja kulisikia likiwa tayari hewani.

Sheikh alianza kama wanavyoanza wasomi wote, kwa asili ya mambo. Akasema ndoa haivunjiki kwa ukimya. Mke wa aliyepotea ni mke wa mtu, na anayemposa hivi hivi anaposa mke wa mtu. Akanyanyua kidole, akavuta pumzi, na adhana ikaingia.

Adhana inapoingia, Régis, kijana wa Kamenge anayeshika sauti, anafunga maiki zote na kuweka picha ya msikiti. Anazifungua tena pale tu Ilias anaponyanyua mkono. Ndivyo ilivyoandikwa. Adhana ikaisha, Sheikh akasoma dua yake kimya, kisha akageuka na kuendelea kama mtu aliyeko hewani. Akasema ila kama mambo yamefikishwa kwa kadhi, au kwa masheikh mahali pasipo na kadhi, wakatafuta, wakaweka muda ukapita, wakamfungua naye akakaa eda, basi mwanamke huyo ni huru, aolewe, na asiwepo wa kumsumbua. Alisema vizuri sana. Nilikuwa nalia. Taa ya maiki ilikuwa imezimwa, na Ilias alikuwa ameinamia simu yake anasoma maneno ya mdhamini.

Nikachukua karatasi nikaandika kwa herufi kubwa RUDIA JIBU, nikainyanyua. Ilias akanyanyua mkono, maiki zikafunguliwa, akaiona karatasi yangu, akatikisa kichwa, akaanza kusifu magodoro. Nikainyanyua tena. Akaingia kwenye swali la tano. Sheikh hakujua lolote. Kwake yeye alikuwa amejibu na amemaliza.

Tulipofunga nilimwambia Ilias kwamba klipu ya swali la nne siikati, kwa kuwa jibu ni nusu. Akasema maoni yanachemka, watu wanataka kitu cha moto. Nikamwambia nusu ya hukumu si hukumu. Akachukua kompyuta akaikata mwenyewe, akaiandikia juu: Unaposa Mke wa Mtu! Sijui kama namchukia. Usiku ule nilimchukia.

Kesho yake nilimfuata Sheikh msikitini baada ya Ijumaa, nikamweleza yote, na kwamba mwanamke mwenyewe ni mimi. Alisikitika kweli. Hakuniambia ningoje. Aliketi pale pale kwenye mkeka, nikashika simu, akalisema jibu zima mwanzo hadi mwisho. Jioni ile ile akasafiri kwenda Umra.

Nikaenda Buyenzi na simu yangu. Mama Shakuru alinipokea kwa adabu, akanipa kiti, akaitazama video yote bila kunikatiza. Shakuru alikuwa amesimama mlangoni, mikono ina grisi.

Mama akanirudishia simu.

"Ile ya kwanza Sheikh ameisema mbele ya watu, na kilemba kichwani," alisema. "Hii ameisema ndani ya telefone yako. Na kazi yako njo kukatakata maneno ya watu, mwanangu. Mi nitajua aje umekata nini?"

Nikasema sijakata hata neno moja. Akasema ndiyo, kila mutu anasemaka vile.

Nikamtazama Shakuru. Alikuwa na ulimi, alikuwa na macho, na miezi yote ile alikuwa na maneno matamu ya kutosha kujaza gunia.

"Mama anasema tungoje," alisema.

Hawakungoja. Kabla Sheikh hajarudi, wajomba wa Shakuru wakaenda kumposa Lubna, binti wa fundi cherehani wa mtaa wa pili. Hakuna mtu aliyepotea kwenye maisha ya Lubna.

Sheikh aliporudi, Ilias alichangamka. Akasema sehemu ya pili ya jibu lile inasubiriwa, tuiweke kabla ya adhana. Nikaiweka ya kwanza kabisa, mara baada ya salamu, nikamwambia akiihamisha atafute mwandishi mwingine. Sheikh akajibu kwa utulivu, neno kwa neno kama lile la mkekani. Klipu nikaikata mwenyewe, tangu bismillah hadi Allah ndiye mjuzi zaidi. Wanawake wakaandika kutoka kila mahali. Mmoja alisema amesujudu.

Asubuhi yake simu ikalia. Mama Shakuru alikuwa amenitumia klipu ile ile, na ujumbe wa sauti chini yake.

"Mwanangu Kudra, umeona? Kumbe Sheikh alikuwa na maneno mengine. Ni mipango ya Mungu. Sasa we uko pale kwa Ilias, utusaidie: Alhamisi mututangazie ndoa ya Shakuru na Lubna. Waseme vizuri, na majina ya wajomba."

Nikafungua kondikteri ya wiki, maana Ilias alikuwa anaidai. Nikaandika: pongezi za ndoa, Shakuru na Lubna, majina ya wajomba yasirukwe. Nikaziweka mara tu baada ya adhana, na pembeni nikamwandikia Régis ahakikishe maiki imefunguliwa.