Shukrani Zina Kwao

Shati jeupe la Mzee Nzai lilikuwa limelala mezani, mikono imetandazwa huku na huku, kama mtu aliyechoka kujitetea. Rosalia aliipitisha pasi juu ya ukosi kwa mara ya mwisho, akaizima, kisha akajishusha kitini polepole.

"Baba Linda," alisema, "leo nakuomba jambo moja. Usinikimbize."

Nzai alikuwa amepiga magoti akitafuta soksi chini ya kitanda. "Nikukimbize wapi, mama, na mguu wenyewe huo?"

"Wajua wapi."

Alijua. Hotuba yake ya shukrani ilivuma Changamwe nzima, na wasioisikia walisimuliwa. Ndani ya hotuba hiyo treni inang'oa nanga stesheni ya Tabora, fundi Nzai yumo ndani, amekwisha kukata tamaa; mara anamwona Rosalia anatimua mbio kandokando ya reli, sanduku kichwani, viatu mkononi, hadi analidaka behewa la mwisho. Kila sherehe treni iliongeza mwendo. Kwenye arusi ya binti yao Linda, sanduku lilipata kuku wawili juu yake. Mwaka jana alitokea simba aliyemfukuza Rosalia mpaka akashindwa, akakaa kitako kuhema. Watu walicheka wakashika mbavu, kina mama wakamtupia Nzai leso za mabegani kumtuza.

"Watu waja kwa ajili ya treni," alisema. "Nikiiacha, nitasema nini?"

"Sijui. Lakini ukinikimbiza leo, kesho nakwenda kwetu, na nikishafika sitakuwa na haraka ya kurudi."

Hakulisema kwa hasira. Hilo ndilo lililomtia Nzai baridi. Hasira ya mkewe aliizoea, huja ikapita kama mvua ya vuli. Sauti hii ilikuwa ya mtu aliyekwisha kufunga mizigo moyoni na anangoja tu mikono ifuate.

Ukweli ni kwamba hakuna aliyeikimbilia treni. Kampuni iliyompeleka Nzai Tabora kukarabati injini ilimaliza kazi, ikamrudisha Mombasa, naye akatangulia peke yake. Rosalia, mwalimu wa watoto viziwi, alibaki hadi muhula ukaisha. Aliandika barua ya kuacha kazi, akamkabidhi mwenzake darasa, akamweleza yupi huogopa mvua ya radi asiyoisikia, yupi hatasoma asipokaa karibu na dirisha. Kisha akaabiri treni, ameketi, tiketi mkononi.

Alidhani anahama nchi tu, kazi ataikuta mbele. Lakini kibali alichopewa kilikuwa cha mtegemezi wa mume: kaa, pika, zaa, usiajiriwe. Shule moja ilimtaka, ila ilipaswa kumwombea kibali cha kazi na kuonyesha kwamba hakuna mwananchi awezaye kuishika nafasi ile, na mwalimu mkuu akachoka mapema. Uraia angeupata, kwa kuwa ameolewa na Mkenya. Tatizo ni kwamba kwao mtu mzima hashiki nchi mbili. Akiupokea wa huku, wa kule hana budi aukane. Akasita miaka na miaka, akikaanga viazi karai vya kuuza barabarani Magongo. Na hata pale alipokutana sokoni na kijana kiziwi, akamsalimu kwa mikono, kijana alimtazama akacheka kwa upole: ishara za Tabora hazikuwa ishara za Mombasa. Mikono yake nayo ilikuwa migeni.

Hatimaye aliukana. Mwaka uliofuata mama yake akafa, akaingia nchini mwake kumzika kwa muhuri wa mgeni, wa kukaa kwa muda.

Ukumbi wa kanisa ulijaa watu waliokuja kuadhimisha ndoa yao, hata madirisha yakawa na vichwa. Kwa desturi ya ukoo wa Nzai, mume hamshukuru mkewe kwa mkono mmoja. Huwageukia wenye mke, yaani ndugu zake, huwashukuru wao, na mtu wa upande wao husimama akasema, "Tumepokea." Hapo ndipo keki hukatwa. Wa upande wa Rosalia walikuwa mbali, hivyo tangu zamani kiti chao kilikaliwa na Mwanarusi, jirani yao, aliyepokea posa, ubatizo na arusi kwa niaba ya watu asiowahi kuwaona.

Chrispine, mpwa wa Nzai aliyekuwa akiongoza shughuli, alishika kipaza sauti. "Mjomba, abiria wamekaa. Treni iko tayari?"

Ukumbi ukaangua kicheko. Nzai alisimama, akakohoa, akatabasamu lile tabasamu lake la fundi wa uongo.

"Siku ile, treni ilipopiga honi…"

Akamtazama Rosalia. Hakuwa amekunja uso. Alikuwa ameuchukua mkoba wake sakafuni na kuuweka mapajani, basi.

Nzai aliiacha sentensi hapo. Watu wakaanza kutazamana.

"Treni imeharibika, fundi?" aliuliza dada yake mkubwa, Dama, kutoka safu ya mbele. Wakacheka tena.

"Imeharibika, dada. Na leo haitengenezeki." Alipangusa jasho. "Huyu hakukimbia. Alikuja ameketi, kituo kwa kituo. Na alikokuwa akitoka walikuwapo watoto wasiosikia, yeye ndiye aliyewapa maneno. Mimi niliitwa na kazi yangu, nikaifuata. Yeye yake aliiacha, akafika hapa akaambiwa wewe ni mtegemezi. Mimi nikiwa kwenye gereji napandishwa cheo, yeye yuko Magongo na karai. Nimewachekesha miaka arobaini kwa mbio zake. Sijawahi kuwaambia alikuwa nani." Akamgeukia Rosalia. "Alikuwa mwalimu. Ahsante, mwalimu."

Hakuna aliyepiga kigelegele. Linda, aliyeketi karibu na keki, alikuwa akimtazama mama yake kama mtu anayesoma upya barua aliyodhani anaijua.

Chrispine akajikaza. "Basi… upande wa bibi, mnasemaje?"

Macho yote yakamhamia Mwanarusi. Aliinuka, akaurekebisha mtandio, akafungua kinywa kwa mazoea, kisha akakifunga. Aliinama sikioni kwa Rosalia. "Shoga yangu, hizi si zile za kila siku. Nipokee?"

"Usipokee," Rosalia alisema, na kipaza sauti kilikuwa karibu, wakasikia wote. Akasimama mwenyewe, jambo ambalo mke halifanyi, akiwa ameushika ukingo wa meza.

"Maneno nimeyasikia, Baba Linda. Ni mazuri. Lakini shukrani zina kwao. Ndugu zangu walimtoa mwalimu, hawajaambiwa nini kilimpata. Zipeleke."

Wazee wa ukoo walinong'onezana. Dama akasema, si kwa kunong'ona, "Haki yake."

Rosalia akaketi. Nzai alikiburuta kiti chake hadi kando yake, naye akaketi. Keki ilikuwa imeanza kutoa jasho, watoto wakiitumbulia macho, na hakuna aliyejua kama inaruhusiwa kukatwa.

"Treni bado yafika Tabora?" Nzai aliuliza kwa sauti ya chini.

"Toka Dar. Na Dar kwa basi. Na basi, kwanza uvuke feri, ukae mpaka Horohoro mpakani, ushuke, upange foleni, ugongewe muhuri."

"Muhuri wa mgeni."

"Wewe, ndiyo."

"Na wewe?"

Nzai aliyatazama magoti yake, akayatazama ya mkewe.

"Tutakwenda polepole," alisema.

Rosalia aliutoa mkoba mapajani, akaushika kwa muda, kama anayeupima uzito, kisha akampa yeye aushike.