Nyota Juu ya Alefu

Mdomo wangu ndio ulioleta matata. Katika bureau yetu, ofisi ya mjini Baraka, tunakotafsiri Injili ya Luka kwa Kibembe, kazi yangu ni kupiga mashine tu. Lakini Jumatatu nikachungulia kitabu cha Kigiriki cha Pasteur Norbert, nikaona maneno ya Yesu msalabani, yale ya kuwaombea wauaji wake msamaha, yamefungiwa ndani ya mabano mawili-mawili. Nikamtania Mama Arlette, anayesikiliza tafsiri na kutuambia wapi Kibembe chetu kinachechemea: mustari wake uko cachot, kifungoni, bazee bataufuta.

Hakucheka. Kwa maneno hayo alimsamehe jirani yake Albert, aliyewaonyesha watu wa bunduki nyumba ya mama huyu wakati wa vita. Tangu msamaha huo waliloweka mihogo katika pipa moja. Jumanne akaitoa mihogo yake. Jumatano Albert akaja kuniuliza mama amekasirikia nini. Mzaha wote ukanikauka.

Alhamisi nikakiri kwa Pasteur. Akatuita mimi na Mama Arlette mezani, akaweka kidole kwenye mistari midogo chini ya ukurasa. Kamraba haka kadogo, alieleza, kanaonyesha maneno ambayo nakala fulani hazina. Kwanza zinatajwa hizo, kisha inakuja "txt". Nikasema hiyo naijua, ni texto ya simu. Akasema ni alama ya nakala zinazokubaliana na maandishi ya juu. Na mimi niliishia kwenye mabano, sikushuka mpaka hapo.

"Mama, angalia hii herufi ya Kiebrania, alefu," akasema. "Ni alama ya kitabu kimoja cha zamani sana. Iko hapa kwa benye habana maneno haya, na iko tena hapa kwa benye banayo."

"Kitabu kimoja kinasema mara mbili?"

"Mikono tofauti, mama. Nyota hii juu ya alefu ni mwandishi wa kwanza: aliandika. Namba moja ni msahihishaji: alifuta. Mbili ni mwingine, nyuma yake: alirudisha."

Mama Arlette akainama juu ya ukurasa. Kisha akauliza kama basi Luka mwenyewe aliyaandika.

Pasteur hakumdanganya. Mabano yale, alisema, ni ya wasomi wanaodhani maneno hayo hayakuwa katika maandishi ya kwanza ya Luka, ingawa ni ya kale mno. Sisi tutayaacha mahali pake, na maelezo chini.

"Yule wa mbili," Mama Arlette akasema polepole, "aliona mwenzake amefuta, na akaandika tena?"

"Ndiyo, mama."

"Basi hata kama Luka hakuandika, mi niliisha kusema kwa mudomo yangu. Ile ya kwangu ni nani ataifuta?"

Akanigeukia, akanivuta sikio, si kwa nguvu. Akaniambia nikamsaidie kubeba beseni la mihogo. Mihogo yake ilikuwa bado mibichi, na pipa la Albert lilikuwa na nafasi.