Pilau Iliyowahi Mno

Hidaya aliamka kabla ya adhana, akapika pilau ya kuku, akaifunika vizuri. Masufuria akayasugua, majivu akayazoa, jiko likabaki safi utadhani halijawahi kuwashwa moto tangu lijengwe. Hapo ndipo alipojiharibia, maskini, na moyo wake wote mweupe, maana wageni walikuwa wanakuja kujifunza kupika.

Mbaraka, mwongoza wageni wa Lushoto mjini, alikuwa amemweleza wazi: wageni watachuma mboga ya mnavu shambani, wataikatakata, watasonga ugali, watakula walichopika. Kikundi cha Mbaraka kilikuwa kinatafuta nyumba moja hapa Vuga ya kuletea wageni mara kwa mara, na leo nyumba ya Hidaya ilikuwa inajaribiwa. Naye aliitaka nafasi hiyo kweli kweli. Tangu mumewe afariki riziki yake ilikuwa kubeba kabichi kichwani hadi gulioni, na mgongo ulishaanza kugoma.

Lakini Hidaya amelelewa akaleleka. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe; hawa wangekaa nusu siku, jembe litoke wapi? Hata mama mkwe wake, Bi Mariamu, alimpeleka kwa jirani Dorkasi akapumzike, wageni wasije wakamkuta amechuchumaa anachambua maharage, wakasema nyumba hii inatesa wazee.

Wageni walikuwa wawili, Greta, mama wa rika la Bi Mariamu, na binti yake.

"Shikamoo, mama," Hidaya alimwamkia, akapiga goti kidogo.

"Marahaba," Greta akajibu. Mbaraka alikuwa amemfundisha njiani.

Wakaketishwa kwenye viti vya kuazima. Wakapakuliwa pilau, wakala, wakashukuru. Kisha wakatazamana. Greta alipoinuka na sahani yake akaoshe, Hidaya aliipokonya kwa adabu kubwa. Binti alipochungulia jikoni, alirudishwa kitini.

Mbaraka akamvuta Hidaya pembeni, akamsemesha Kishambaa kwa sauti ya chini. "Dada, wanauliza tunaanza lini."

"Kuanza nini? Si wameshakula?"

"Pilau wameila hotelini jana. Huku walifuata kazi. Wakirudi hivi, mimi nitawaambia nini wenzangu?"

Hidaya akamtupia Greta jicho. Mzee wa watu, mkubwa kwake, mgeni wake, amtume shambani? Angeuficha wapi uso wake? Na asipomtuma, ndiyo basi tena, kabichi zinamsubiri.

Akiwa hapo hajui ashike lipi, wingu likashuka mlimani, na matone ya kwanza yakapiga bati. Maharage yalikuwa yameanikwa juu ya turubai nyuma ya nyumba. Kabla Hidaya hajageuka, Bi Mariamu alishatokea kwa Dorkasi, mwendo wa haraka, kanga mabegani, akashika pembe ya turubai na kuanza kulivuta peke yake.

Greta hakungoja ruhusa. Alishika pembe ya pili. Wazee wawili wakaliburuta turubai mpaka barazani, wakihema na kucheka, kisha wakaketi chini pale pale na kuanza kutoa mawe na mbovu. Bi Mariamu alimpiga Greta kikofi cha mkono kila alipotupa maharage mazima, na Greta akayaokota.

Baadaye Greta alisema jambo, na Mbaraka akalitafsiri polepole. "Anasema kwao, tangu azeeke, wanawe hawamwachii hata kikombe aoshe. Wanamwambia apumzike. Anasema amechoka kupumzika."

"Mwambie na mimi leo nimepelekwa kupumzishwa," Bi Mariamu akajibu, wala hakumtazama mkwewe.

Hidaya aliona aibu, aibu ya kweli. Akaingia jikoni, akawasha kuni, akatoka na kisu na kapu, akampa binti wa Greta. "Twende tukachume mboga."

Walikula mara ya pili siku hiyo. Ugali wa Greta ulikuwa na mabuja ya unga, na Bi Mariamu alimwambia hivyo hivyo bila kuficha. Wakati wa kuaga, Mbaraka aliuliza kama alete wengine wiki ijayo.

"Walete," Hidaya akasema. "Ila watakuta jiko halijawashwa."

Kesho yake asubuhi, kabla hajatoka kwenda shambani, Hidaya alijaza ungo maharage, akauweka mbele ya mama mkwe wake.

Bi Mariamu akamtazama. "Kwani leo wageni wanakuja?"

"Hapana, mama. Leo ni sisi tu."